Kabla hujaandika Rp0.2, isome grafu kwa macho yako

Ukiingia maabara ya kupima vyuma pale Industrial Area, jambo la kwanza utakaloona ni kwamba mashine inakupa majibu hata kabla hujaketi. Sampuli inakatika kwa kishindo, kisha skrini inaandika Rp0.2, kiwango cha kulegea; Rm, kilele cha mkazo; na A, uvutikaji hadi kukatika. Mgeni hunakili tarakimu hizo na kuondoka. Shida ni kwamba Rm ni ngumu kuikosea, lakini Rp0.2 ni jibu la mstari ambao kompyuta imeuchora yenyewe. Ukichorwa mahali pasipofaa, jibu litatoka safi tu, likiwa na desimali zake, na halitakuwa kweli.

Tuelewane kwanza kuhusu grafu yenyewe. Mhimili wa wima ni mkazo: nguvu ya kuvuta ikigawanywa kwa eneo la mkato wa sampuli lilivyokuwa kabla ya kuvutwa. Wa mlalo ni mnyumbuko: urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo kati ya alama mbili. Yote mawili yanatumia vipimo vya mwanzo, hata sampuli ikishakonda. Hilo litaeleza baadaye kwa nini grafu inashuka mwishoni.

Chuma laini kilichoviringwa kikiwa moto, kama nondo laini zisizo na mistari za mjengo, hukurahisishia kazi. Grafu inapanda ikiwa imenyooka, inafika mahali inasita, halafu inakwenda mlalo kidogo kabla ya kupanda tena. Hapo ndipo chuma kimelegea na kila mtu anapaona. Alumini haina ukarimu huo. Mstari wake unajipinda polepole, na watu watatu wakiulizwa umeanza kulegea wapi watakuonyesha sehemu tatu. Ndiyo maana tumekubaliana kanuni: kiwango cha kulegea ni mkazo unaoacha urefu wa kudumu wa 0.2%. Kwenye sampuli ya milimita 50, hiyo ni milimita 0.1, karibu unene wa karatasi moja ya kuprinti. Hiyo si siri ya maumbile, ni makubaliano tu. Lakini kwa kuwa wote tunayafuata, matokeo ya maabara mbili yanaweza kulinganishwa.

Tuchukue fimbo ya alumini ya aina ya 6061-T6, kipenyo milimita 10.00, alama zikiwa umbali wa milimita 50. Eneo lake ni milimita za mraba 78.54. Kipenyo hicho kipime kwa maikromita, mara tatu, sehemu tofauti za fimbo, na kila mahali uzungushe upime pande mbili. Usiharakishe hapa. Ukisoma 9.90 badala ya 10.00, mkazo wote utapanda kwa 2%, na kosa hilo ni kubwa kuliko mengi utakayohangaika nayo baadaye kwenye kompyuta.

Ekstensomita, kile kifaa kidogo chenye visu viwili kinachobanwa kwenye sampuli, inakuletea mnyumbuko, na ukiuambatanisha na mkazo kutoka kwenye mashine unapata jozi za namba. Usianze na sufuri. Mwanzo wa grafu huwa na kijipinda cha uongo kwa sababu taya za mashine bado zinajikaza na sampuli inajinyoosha. Chagua nukta mbili zilizo ndani ya sehemu iliyonyooka kweli. Kwenye sampuli yetu, mkazo wa 50 MPa una mnyumbuko wa 0.00090, na wa 150 MPa una 0.00235. Tofauti ni MPa 100 kwa 0.00145, kwa hiyo mwinuko ni MPa 68,966, yaani GPa 69. Hiyo ndiyo moduli ya alumini inayotarajiwa. Ungepata 55 au 80, ungepaswa kusimama hapohapo na kukagua ekstensomita kabla ya kwenda mbele.

Sasa rudisha mstari huo chini hadi mkazo wa sufuri. MPa 50 ukigawa kwa 68,966 ni 0.000725. Ukitoa hiyo kwenye 0.00090, unabaki na 0.000175. Hapo ndipo sufuri halisi ilipo, si pale kompyuta ilipoanza kuhesabu. Ongeza 0.002 juu yake upate 0.002175, na kutoka hapo chora mstari sambamba na ule wa kwanza. Kwenye jedwali la kompyuta, kama mnyumbuko uko safu ya B na mkazo safu ya C, safu ya D inakuwa hivi:

```
=68966*(B2-0.002175)
```

Shuka na safu C na D ukitazama zinapopishana. Kwenye mnyumbuko wa 0.00600 sampuli ina 272.5 MPa, na mstari wetu una 263.8, kwa hiyo grafu bado iko juu. Kwenye 0.00625 sampuli ina 274.0, na mstari umefika 281.0, kwa hiyo umeshaipita. Makutano yako katikati. Pengo la kwanza ni 8.7 na la pili ni 7.0, jumla 15.7, tumeenda 8.7 kati ya hiyo 15.7, yaani 55% ya njia. Mkazo umepanda 1.5 tu kati ya nukta hizo mbili, kwa hiyo jibu ni 272.5 ukiongeza 0.8: 273.3. Andika 273 MPa. Kwa nguvu ni kilonewtoni 21.5, karibu uzito wa Probox mbili zikining'inia kwenye fimbo ya unene wa kidole chembamba.

Mtu atauliza, je, nikisahau ile 0.000175? Kwa sampuli hii utapata karibu 272. Tofauti ni ndogo kwa sababu grafu mahali hapo iko karibu mlalo: ukisogeza mstari kushoto au kulia, mkazo haubadiliki sana. Usijipongeze lakini. Ukiwa na shaba iliyolainishwa kwa moto, ambayo inaendelea kupanda baada ya kuanza kujipinda, kosa lilelile litakuuma zaidi.

Makosa mawili yanahitaji macho zaidi. La kwanza ni desimali. 0.2% ni 0.002, si 0.02. Anayeandika 0.02 anapata makutano mbali kulia, na alumini yetu inasomeka kama 290 hivi. Ubaya wa namba hiyo ni kwamba inaonekana ya kuaminika. Hakuna mtu atakayeshtuka akiiona kwenye ripoti. Kama mhimili wako umeandikwa kwa asilimia, basi unaanzia 0.2, na moduli yako nayo lazima igawanywe kwa 100. Kuchanganya mifumo hiyo miwili kwenye jedwali moja ni jambo la kila wiki.

La pili hutokea ekstensomita ikiwa imeharibika na mtu anaamua kutumia mwendo wa kichwa cha mashine. Mwendo huo haupimi sampuli peke yake. Unapima pia taya zinavyojikaza na fremu ya mashine inavyonyumbuka, kwa hiyo mwinuko unaweza kutoka GPa 20 badala ya 69. Ukichora mstari wako kwa mwinuko huohuo wa 20, mara nyingi bado utapata kiwango cha kulegea kisicho mbali na ukweli, maana ulegevu wa mashine unajifuta wenyewe. Lakini ukileta 69 kutoka kitabuni na kuibandika kwenye data hiyo, mstari wako utaikata grafu mapema mno, pale 56 MPa. Kanuni yetu ni kwamba mwinuko wa mstari wa pili hutoka kwenye grafu ileile, na ukilazimika kutumia mwendo wa kichwa, ripoti iseme hivyo na moduli isiandikwe kabisa.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Nguvu kubwa kuliko zote ilikuwa kilonewtoni 24.35, ukigawa kwa 78.54 unapata 310 MPa. Hicho ndicho kilele, Rm. Baada yake sampuli inatengeneza shingo mahali pamoja na grafu inashuka hadi inapokatika kwa kilonewtoni 19.6, yaani 250 MPa. Wageni wengi hudhani alumini imedhoofika. Pima kipenyo cha shingo baada ya kukatika: milimita 7.9, eneo 49. Ukigawa 19.6 kwa eneo hilo unapata 400 MPa. Metali yenyewe iliendelea kukaza. Ni sisi tuliokuwa tukigawa kwa eneo ambalo halipo tena.

Uvutikaji upime kwa mkono. Unganisha vipande viwili vizuri, pima umbali kati ya alama: milimita 57.0. Kutoka 50 hiyo ni 14%. Grafu itakuonyesha 14.4 hivi, kwa sababu wakati wa kukatika sampuli ilikuwa bado imevutwa na baadaye ikarudi kidogo. Kila mara taja umbali wa alama, kwa kuwa shingo ni moja tu: ukiisambaza kwenye milimita 100 badala ya 50, asilimia itapungua bila metali kubadilika. Na mpasuko ukitokea karibu sana na alama au nje yake, asilimia hiyo itasomeka ndogo kuliko ilivyo. Usiiripoti kana kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

Ushupavu ni eneo lote chini ya grafu. Kwa makadirio ya haraka, chukua wastani wa 273 na 310, zidisha kwa 0.14, upate karibu megajuli 41 kwa mita ya ujazo. Chuma laini kinacholegea kwa 250, chenye kilele cha 410 na uvutikaji wa 23%, kwa hesabu ileile kina 76. Kinalegea mapema kuliko alumini yetu, na bado kinameza nishati karibu mara mbili kabla ya kukatika. Anayetazama Rp0.2 peke yake hawezi kuliona hilo.

Halafu kuna sampuli ambazo mstari wa 0.2% haukutani nazo kabisa. Ukiletewa alumini ya kuyeyushwa upya, ya sufuria kuukuu na vipande vya injini vilivyomwagwa kwenye ukungu wa mchanga, inaweza kuwa na matundu ndani na kukatika mapema. Grafu inaishia kushoto kwa mstari wako. Programu nyingine bado zitakupa namba kwenye kisanduku cha Rp0.2, mara nyingi mkazo wa kukatika wenyewe. Ifute, andika kwamba sampuli ilikatika kabla ya kufika urefu wa kudumu wa 0.2%, weka mkazo iliokatikia, na uupige picha uso wa mpasuko ili mteja ayaone matundu.