Ziwani hakuna maji ya kimataifa

"Nikitoka Mwanza na boti nikaipita Ukerewe, baada ya maili ngapi ninakuwa maji ya kimataifa?"

Hufiki, ndugu yangu. Ziwa limegawanywa lote: ukitoka Tanzania umeingia Uganda au Kenya. Kuna anayesema maji ya kimataifa yanaanza baada ya "maili 12"; kapatia nusu. Hizo ni za baharini, tena haziishii kwenye maji ya kimataifa.

Chukua meli ya kigeni ya jodari. Ikiwa maili 8 kutoka pwani yetu, inaruhusiwa kupita tu. Ikitega ndoano imevunja amani ya kupita. Ikiwa maili 150, kupita ni huru kabisa, ila samaki ni wa Tanzania, bila leseni inakamatwa. Na hapo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 una jambo wengi hawalijui: kosa la uvuvi halina kifungo, labda nchi husika ziwe zimekubaliana, na meli huachiwa ikiweka dhamana. Kupita maili 200, kwa kawaida ni nchi ya bendera yake tu inayoweza kuishika.

— Basi na mimi niliyenyang'anywa injini upande wa pili nidai dhamana?

Mkataba huo ni wa bahari, mzee. Kwako inatumika sheria ya nchi iliyokukamata.