Simu Ikiibwa, Kimbilia Laini Kwanza

Jana usiku dada mmoja wa Pongwe aliniandikia kwamba ameibiwa simu na tangu asubuhi anaipigia, labda aliyeichukua atamhurumia. Nilisoma ujumbe ule nikaumia, kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo, nikapoteza laki tatu na themanini.

Nauza nazi na viungo Soko la Mgandini, hapa Tanga mjini. Jumamosi ile, saa tatu na dakika kumi asubuhi, niliinama kumhesabia mteja nazi. Nilipoinuka, simu haipo mezani. Kwenye kava lake nilikuwa nimeweka kitambulisho changu cha NIDA.

Nilikimbia mpaka stendi. Nikaazima simu ya jirani, nikapiga, ikaita mara mbili, kisha haikupatikana tena. Shemeji akaniambia nisihangaike, simu ina nywila, hawezi kuifungua. Nikamsikiliza.

Mwizi hakuhitaji kuifungua. Pesa za mtandao hazikai ndani ya simu, zinafuata laini. Alichomoa laini, akaiweka kwenye kitochi, akabonyeza menyu ya pesa. Ikabaki namba ya siri. Na hapo ndipo kitambulisho kilipomsaidia, maana namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Namba yangu ya siri ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Saa tatu na dakika thelathini na moja alihamisha 380,000 kwenda namba nyingine. Mimi wakati huo nilikuwa stendi nachungulia madaladala.

Nilipiga 100, huduma kwa wateja, saa nne kasorobo, kwa simu ya jirani yenye mtandao uleule. Wakaniuliza majina kamili, namba ya NIDA, na miamala niliyofanya karibuni. Namba ya NIDA sikuijua, kitambulisho kilikuwa na mwizi! Nilijieleza kwa miamala mpaka wakaniamini. Dada aliyepokea akasema ameifunga laini. Nikamuuliza, na akaunti ya pesa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema ngoja nayo niifunge. Tafadhali, uliza hivyo hivyo, vitu viwili, kila kimoja kwa jina lake.

Pesa iliyohama walijaribu kuizuia, lakini ilikuwa imeshatolewa.

Kisha benki. Huko nilikuwa na milioni moja na laki nane, mtaji wa mzigo wa Pangani. Aliyepokea alifunga kadi ya ATM, akaniaga. Kadi ilikuwa mkobani mwangu salama! Nikapiga tena, nikasema nataka mfunge huduma zote za benki kwa simu, programu na ile menyu ya kubonyeza. Walipoangalia wakaniambia kuna mtu ameshakosea namba ya siri mara tatu, huduma imejifunga. Namba yangu ya siri ya benki ilikuwa tofauti na ile ya pesa za mtandao. Hicho ndicho kilichoniokoa, na najivunia mpaka leo.

Baada ya hapo nilikwenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu, kisha dukani kwa mtandao kurudisha laini kwa alama za vidole. Mashine ilikataa dole gumba langu mara nne, kwa miaka ya kukuna na kufua nazi vidole vimesagika. Kijana wa zamu akanitazama kama mwizi ni mimi. Niliumia sana. Nikaomba tujaribu vidole vingine, cha shahada cha kushoto kikakubali. Laini iliporudi, kabla ya kumpigia yeyote nilibadili namba ya siri ya pesa, na benki nikaenda mwenyewe tawini kufunguliwa upya.

Kuna mteja wangu wa Pangani aliyetumiwa ujumbe kwa namba yangu, "tuma kwenye namba hii, ile ina tatizo." Alituma 60,000. Nilimlipa kwa nazi, kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu mmoja wa familia awatangazie wateja wako mapema, hata wewe ukiwa bado kwenye simu na benki.

Wafanyabiashara wenzangu, acheni mwaka wa kuzaliwa. Acheni kuweka kitambulisho kwenye kava. Namba ya NIDA na namba ya huduma ya benki ziandikeni kwenye daftari la madeni linalobaki nyumbani, namba ya siri msiiandike popote. Na laini yenyewe ifungeni kwa PIN, kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Ikihamishiwa simu nyingine itaidai hiyo PIN kwanza. Muulizeni wakala PIN ya mwanzo ya laini yenu kabla ya kujaribu, kwani mkikosea mara tatu itadai PUK, na hiyo mtaipata kwa mtandao wenu.

Dada wa Pongwe, azima simu sasa hivi, upige 100. Ukishafunga laini, akaunti ya pesa na huduma za benki, niandikie, nitakusubiri.