Euro 240 Ambazo Hazikuwepo

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mweka hazina wa shirika dogo kama letu, aliniandikia: "Dada, mfadhili anasema tumebakiza hela yake. Benki hakuna kitu. Nimerudia hesabu mara nne." Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Mimi yangu niliirudia mara saba.

Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa euro 20,000 kwa awamu mbili: 12,000, kisha 8,000. Tulitumia zote, na kila hati ya malipo ilikuwa na risiti yake. Lakini taarifa yangu ilionyesha matumizi ya euro 19,760. Mfadhili akauliza kwa upole ziko wapi 240. Kwenye kikao cha bodi huo upole sikuuona. Mjumbe mmoja aliniuliza mbele ya wote kama nilikuwa nimezikopa. Nilizilipa kutoka mfukoni mwangu, na jicho alilonitupia silisahau mpaka leo.

Miezi ya kukesha na majedwali naiacha. Nilichokuja kugundua ni hiki.

Awamu ya kwanza benki ilibadilisha kwa 120 za kwetu kwa euro moja, ya pili kwa 130. Ili kugeuza matumizi yetu kuwa euro, nikachukua wastani wa darasani: jumlisha, gawa kwa mbili, 125. Kumbe euro zilizobadilishwa kwa 120 zilikuwa nyingi kuliko zile za 130, kwa hiyo viwango hivyo haviwezi kuwa na uzito sawa. Ilitakiwa hivi: 12,000 mara 120 ni 1,440,000, na 8,000 mara 130 ni 1,040,000. Jumla 2,480,000, gawa kwa euro 20,000, unapata 124. Tofauti ya 1 tu, nayo ikazaa euro 160 za mzimu.

Zile 80 zilizobaki zilikuwa makato. Kila awamu, benki ya katikati, ile inayopitisha fedha kati ya benki ya mfadhili na yetu, ilikata euro 40 kabla fedha haijatufikia. Mimi niliandika kama mapato kile nilichokiona kwenye taarifa ya benki, yaani 2,470,000, na makato hayakuingia kwenye matumizi popote. Hayo 10,000 yaliyopotea, kwa kiwango changu kibovu cha 125, ndiyo euro 80.

Kwa hiyo sikilizeni, na hili nalisema kwa ukali kwa sababu limenigharimu. Andika mapato kwa kiasi kamili alichotuma mfadhili, halafu siku hiyohiyo andika makato kama matumizi kwenye kasma ya gharama za benki. Ushahidi wake ni nakala ya ujumbe wa SWIFT, iombe benki. Kama bajeti haina kasma hiyo, iombe kabla ya kusaini mkataba, au mwombe mfadhili atume kwa chaguo la OUR, ambapo ada zote zinabaki kwake. Kwenye SHA, ambapo mtumaji na mpokeaji hugawana ada, benki za katikati humega njiani.

Na usikimbilie 124 yangu kabla ya kusoma kifungu cha kubadilisha fedha kwenye mkataba. Wapo wafadhili wanaotaka fedha ya awamu ya kwanza iishe kwa kiwango chake ndipo uanze kutumia cha pili, na wapo wenye kiwango chao cha kila mwezi.

Kwenye kasma nako nilijikwaa. Semina moja tuliilipia kwa muamala mmoja wa 62,000, nami nikautupa wote kwenye kasma ya ukumbi. Ukumbi ulikuwa 20,000 tu, nauli 27,000, chakula 15,000. Ukumbi ukaonekana umepita bajeti, nauli ikaonekana haikuguswa. Siku hizi muamala kama huo naugawa mistari mitatu, kila mmoja na namba ya kasma yake, yote ikiwa na namba moja ya hati ili jumla irudi kwenye taarifa ya benki.

Kila mwisho wa mwezi nachukua mapato, natoa matumizi ya kasma zote, naweka kando ya salio la benki. Zikitofautiana, tofauti lazima iwe na jina: hundi ambayo haijapita, au masurufu ambayo mtu hajayarejeshea hesabu. "Tofauti ndogo" si jina. Mwaka huu taarifa yetu imepita bila hoja hata moja, na yule mjumbe bado yuko kwenye bodi. Nakala yake nilimpelekea mwenyewe.

Msomaji wangu naye alitumia wastani wa darasani. Amerekebisha, mzimu wake umebaki euro 15. Nimemwambia aanze na masurufu ya dereva.