Sufuria ya kilio ya lita 60: namna ya kulinda joto mpaka watu warudi kutoka makaburini

Kwenye kilio hapa Goma, wamama wanaopika wanaamka usiku. Nyama ya ng'ombe na maharagi vinaiva saa kumi na mbili asubuhi, kuni zinatolewa, kifuniko kinawekwa, kisha watu wanaenda kuzika. Wakirudi saa nane au saa tisa wanapakuliwa. Chakula kinanukia vizuri, hakuna anayelalamika. Usiku huohuo au kesho yake asubuhi nusu ya wageni wanaharisha na tumbo linawakata, mara nyingi bila homa na bila kutapika. Hapo ndipo maneno ya sumu na karuho yanapoanza, na familia iliyofiwa inapata mzigo wa pili. Kabla ya kumshuku mtu, ulizeni kwanza sufuria ilikaa na joto gani kati ya asubuhi na mchana.

Maharagi na nyama vinaweza kubeba mikrobe wa jamii ya klostridia, ambaye anajitengenezea mbegu yake ndogo yenye ganda gumu na kujificha ndani yake. Kuchemsha kunaua mikrobe walio hai, lakini mbegu zinapona, hata sufuria ikitokota saa tatu nzima. Joto likishuka chini ya digrii 60 zinaanza kuamka. Mikrobe huyo anapenda zaidi joto la 43 hadi 47, na hapo anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 10. Mmoja akianza, baada ya saa moja wako 64, baada ya saa mbili wamepita 4,000, na baada ya saa tatu wamepita 260,000. Harufu haibadiliki wala ladha, kwa hiyo kuonja hakusaidii.

Sufuria kubwa ndiyo inayompa nafasi hiyo. Sahani ya chakula inapoa haraka na kuvuka joto hilo kwa muda mfupi. Lita 60 zilizofunikwa zinashuka polepole sana: kufikia katikati ya asubuhi zimeshuka chini ya 60, na mchana wote ziko palepale mikrobe anapopapenda. Mama anagusa sufuria kwa nje, anaona bado ina moto, anatulia. Moto huo wa kugusa ni wa digrii 45 au 50.

Kwa hiyo lengo ni moja: chakula kisishuke chini ya 60 hata kwenye kona yake iliyo baridi kuliko zote. Ili upate hilo, weka katikati ya sufuria kwenye 70, maana pembeni na juu karibu na kifuniko kuko chini zaidi.

Ukiwa na termometa ya sindano ndefu, ijaribu kwanza kwenye maji yanayotokota. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Bukavu ni vilevile, Lubumbashi ni kama 96. Termometa inayoonyesha 95 hapa Goma ni nzima, usiitupe. Ile inayoonyesha 100 ndiyo inayodanganya: inaongeza 5, na ikikuambia 60 chakula kiko kwenye 55. Pima kabla ya kukoroga, mahali patatu: katikati, ukutani mwa sufuria, na vidole viwili chini ya uso. Namba ndogo kuliko zote ndiyo ya kufuata. Kama termometa haipo, chota kijiko kutoka ukutani. Chakula unachoweza kutia mdomoni na kumeza papo hapo bila kupuliza kimeshashuka.

Sababu kubwa ya sufuria kutolewa motoni mapema ni hofu ya kuungua, na hofu hiyo ni ya kweli. Mchuzi mwepesi unajizungusha wenyewe, wa chini unapanda na wa juu unashuka. Maharagi mazito na sombe havizunguki. Chini vinaungua wakati juu vinapoa. Kwa mchuzi, toa kuni zote, acha makala yaliyowaka vizuri, yafunike na majivu kidogo, rudisha sufuria, tandika majani ya mgomba chini ya kifuniko ili mvuke usitoroke. Koroga kila nusu saa, mwiko ufike chini kabisa na kando zote, kisha funika upesi. Mchuzi ukipungua, ongeza maji yanayotokota tu. Bidoni moja ya maji baridi ya lita 10 inatosha kuangusha sufuria nzima kutoka 70 hadi karibu 60.

Kwa sombe na maharagi mazito, njia tunayoiamini zaidi ni sufuria ndani ya sufuria. Weka mawe matatu bapa chini ya sufuria kubwa, tia maji, yachemshe. Ingiza sufuria ya lita 20 yenye sombe ambayo bado inatokota, maji ya nje yafikie usawa wa sombe ndani. Makala kidogo yanatosha, na hakiungui kitu. Mtu mmoja abaki nyumbani kwa kazi hiyo tu: kukoroga na kuongeza maji ya moto nje. Lakini usiingize sombe ya vuguvugu ukitegemea maji hayo yaipashe. Itachukua muda mrefu mno kupanda.

Na kama mnaweza, sogezeni saa ya kupika. Watu wakitarajiwa saa tisa, loweka maharagi usiku, washa moto asubuhi, nyama iive saa saba. Mnabaki na saa mbili za kulinda badala ya tisa. Wakati wa kupakua, msiache sufuria kubwa wazi saa nzima. Hamishieni sufuria ndogo moja moja, ikiisha ndiyo mfungue tena. Kubwa ikibaki nusu inapoa haraka, basi imimineni yote katika sufuria ya kadiri yake na muichemshe.

Mkikuta imeshuka chini ya 60, hesabuni muda. Ikiwa ni chini ya saa mbili, irudisheni motoni itokote yote huku mkikoroga, kisha ilindeni kama kawaida. Mikrobe walioamka wanakufa kwa joto hilo. Ikizidi hapo, au kama hakuna anayejua ilishuka lini, imwageni. Tunajua bei ya nyama, na tunajua ni nani aliyechangia, lakini imwageni.

Mchele hauna nafasi hiyo ya kurudishwa motoni. Kuna mikrobe mwingine, basilasi, ambaye mchele ukikaa vuguvugu anaweza kuacha sumu isiyoharibiwa na kuchemsha, na mtu anatapika ndani ya saa chache. Mchele upikwe mwisho kabisa, kwa mafungu, sufuria ya pili iwekwe motoni wakati ya kwanza inapakuliwa.

Kinachobaki jioni, watu wanataka kukiweka kwa wageni wa kesho. Kwa hilo chakula kinapaswa kushuka kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Kikiwa kimetandazwa kwenye mabeseni, kina cha vidole vitatu, mabeseni yakikaa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa, hatua ya kwanza inawezekana. Hatua ya pili inahitaji frigo, na usiku wa Goma, hata ule wa baridi, haufiki 5. Pasipo frigo, gaweni kingali cha moto, majirani wakile jioni hiyohiyo, na kesho mpike upya.