Kansa imetoka yote, kemo ya nini?

"Mama kafanyiwa operesheni ya utumbo mpana Dar, tushamrudisha Pemba. Daktari kasema kansa yote imetoka. Karatasi ya maabara ina pT3 N1, tezi 2 kati ya 15. Mbona anaitwa kuanza kemo?"

Pole, mwanangu. Hizo tezi 2 za limfu zilizokutwa na kansa ndizo sababu, na ndiyo maana ya N1; pT3 ni kina ambacho kansa imepenya ukuta wa utumbo. Kansa ilishavuka utumbo ikaingia tezi, kwa hivyo ni hatua ya 3. Kuna mtu hapa kasema hatua ya 3 ni kansa iliyofika ini; kachanganya, hiyo ni ya 4. Na kuna dada kasema mumewe kapona bila kemo; huenda tezi za mumewe zilikuwa safi.

Kemo inawinda mbegu za kansa ambazo kipimo cha picha hakizioni. Isicheleweshwe, ianze ndani ya wiki 8 tangu operesheni. Kwa N1 kama hii wengi hupewa dawa za kapesitabini na oksaliplatini kwa miezi 3. Wengine husukuma hadi 6, hapo madaktari hawakubaliani. Oksaliplatini haipatani na baridi: maji ya friji yatamchoma vidole na koo. Ganzi ya vidole ikibaki hadi mzunguko wa kemo unaofuata, aseme kabla hajatundikiwa dripu.

Akimaliza, apimwe damu ya CEA, alama ya kansa kurudi, kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Picha ya siti skani ya kifua na tumbo angalau kila mwaka. Kamera ya utumbo mwaka 1 baada ya operesheni. Kama kabla ya operesheni uvimbe uliziba njia, kamera ikashindwa kupita, isingoje mwaka.