Vibarua wanaanguka saiti mchana, na maji yapo

"Wakuu, nasimamia ujenzi Kigamboni, nina mafundi na vibarua 14. Ikifika saa saba mchana kazi inalala, na juzi kijana mmoja kaanguka na ndoo ya zege begani. Maji ya katoni nanunua kila siku. Nakosea wapi?"

Pole na huyo kijana, mkuu. Nina miaka 11 kwenye zege hapa Dar, na mimi pia nilidhani nikishaleta maji nimemaliza. Mpaka mwezi wa pili mwaka mmoja, siku ya kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza.

Kijana alikuwa ametoka Iringa, siku yake ya tatu saiti. Anabeba ndoo kuliko wote, hataki aonekane mgeni. Kwenye saa nane kasoro nikaona amenyamaza, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa anaongoza nyimbo. Halafu akapanda na ndoo, akaimwaga pembeni tulikokwisha kusawazisha. Fundi akamfokea. Akajibu maneno yasiyoeleweka, anacheka. Wenzake wakasema kapiga viroba. Nilimshika mkono: unachoma kama sufuria, na jasho linamtiririka. Hapo ndipo nilipochelewa dakika kadhaa, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba aliyezidiwa na joto anakauka jasho. Si kweli kwa mtu anayefanya kazi nzito. Anaweza kuwa ameloa chapachapa na mwili ndani umeshapita nyuzi 40. Dalili ya kuitazama ni akili: kuchanganyikiwa, kuyumba, ubishi usio na maana, kuongea ovyo.

Tulimlaza kivulini, tukamvua reflekta, buti na shati, tukammwagia maji ya pipa mwili mzima bila kukoma, huku wawili wakimpepea na maboksi ya vigae. Barafu ya muuza samaki wa jirani tukaiweka shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Gari lilikuja baada ya robo saa na bado tuliendelea kummwagia mle ndani. Mpangilio ni huo: unampoza papo hapo huku mwingine anatafuta usafiri, maana kila dakika anayokaa na joto lile, ubongo na figo vinaungua. Na asiyejitambua usimnyweshe kitu, maji yataingia kwenye mapafu. Alipona, ila daktari alisema mkojo wake ulikuwa na rangi ya soda nyeusi kwa sababu misuli ilianza kuvunjika.

Sasa swali lako la maji. Mwili unajipoza jasho likikauka juu ya ngozi. Dar mwezi wa kwanza hadi wa tatu hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu. Linalodondoka chini halijakupoza, umepoteza maji bure. Wakati huohuo misuli inayopandisha ndoo inazalisha joto lake yenyewe, kama injini. Kwa hiyo unaweza kunywa dumu zima na bado ukaiva. Maji yanarudisha kilichopotea, lakini joto linashuka mtu akiacha kubeba na akakaa penye kivuli na upepo. Ndiyo maana katoni zako hazijakusaidia: hukuwapa muda.

Nitakwambia ninavyopanga siku hizi. Siku ya zege mikisa inaanza kunguruma saa 11 na nusu alfajiri, taa zimewashwa, kokoto na mchanga vimeshasogezwa tangu jana jioni. Tunajua zege halilali, ukishaanza lazima umalize, basi nakata eneo ambalo litaisha kabla ya saa tano. Slabu kubwa naigawa siku mbili, na mahali pa kuunganishia namuuliza injinia mapema. Bosi akilalamika namwambia ukweli mwingine: zege la saa nane mchana linakauka juu kabla ya chini na kupasuka nyufa. Hoja hiyo huwa inamwingia kuliko ya vibarua.

Saa sita mpaka saa tisa hakuna anayebeba kitu juani. Wenzetu waliofanya kazi Oman wanaijua hii, kule mwezi wa sita hadi wa nane sheria inasimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri. Mimi sina sheria, nina turubai. Nalifunga juu, pande zote wazi upepo upite, kwa sababu kibanda cha mabati kilichofungwa ni tanuri. Chini yake watu wanakula, wanalala kidogo, kisha wanakunja ringi za nondo wamekaa. Saa tisa tunarudi kwenye kazi nyepesi mpaka saa 11.

Ikibidi kubeba jua likiwa kali, zamu ni dakika 45 kazi na 15 kivulini, na napiga filimbi mimi mwenyewe. Ukimwachia kila mtu apumzike akichoka, hatapumzika, hasa kama mmepatana malipo ya kazi nzima na wote wanakimbilia kumaliza. Nililiona hilo kwa yule wa Iringa. Siku hizi siku ya zege nalipa kutwa.

Maji: kikombe cha robo lita kila dakika 20, hata kama hana kiu. Hiyo ni robo tatu ya lita kwa saa. Kwa watu wako 14, saa nane za kazi, inafika lita 84, yaani madumu manne ya lita 20 na kidogo. Yawe kule juu wanakomwaga, siyo getini. Mtu hashuki ngazi kwa ajili ya kikombe. Weka bonge la barafu ndani, maji ya moto hayanyweki. Ila asipitishe lita moja na nusu kwa saa, maji matupu mengi mno yanapunguza chumvi mwilini, na anaanza kuumwa kichwa na kutapika mithili ya aliyekosa maji. Chakula cha mama ntilie chenye mchuzi kinarudisha chumvi vizuri. Anayetoka jasho kupita kiasi nampa mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Mwenye presha simpi huo bila ushauri wa daktari. Vinywaji vya kuongeza nguvu nimevipiga marufuku asubuhi ya zege.

Chooni nimewaambia wajiangalie: mkojo wa rangi ya chai ya rangi, njoo kivulini uniambie.

Jambo la mwisho ndilo lililomwangusha kijana wangu, na huenda wako pia, muulize alianza lini. Mwili unachukua kama wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Mgeni siku ya kwanza nampa kazi nzito sehemu moja ya tano ya wenzake, kesho naongeza sehemu nyingine, mpaka siku ya tano anakuwa sawa. Muda uliobaki ananyoosha misumari kivulini, na kutwa yake analipwa kamili, vinginevyo ataenda kubeba kwa siri. Na mwenyeji akirudi kutoka msibani mkoani baada ya wiki mbili, naye siku hiyo anaanza na nusu, hata akiapa kwamba yuko fiti.