Ngazi mbili au tatu? Hesabu nyuzi kwanza

Swali: Kampasi yetu ina majengo matano na swichi za ufikiaji 22. Muuzaji anashauri ngazi tatu kamili: kiini, usambazaji na ufikiaji. Mwenzangu anataka kiini na usambazaji vikae pamoja kwenye swichi mbili tu. Jengo la maabara lina swichi sita, na faiba iliyozikwa kwenda huko ina nyuzi 12. Tumsikilize nani?

Jibu: Msikilizeni mwenzako, ila maabara mlitazame peke yake.

Kiini cha pekee kina kazi pale majengo mengi yanapokuwa na swichi zake za usambazaji. Bila kiini, majengo manne ya namna hiyo yakiunganishwa kila moja na jingine, njia ni 6. La tano likija zinafika 10. Ninyi hamjafika huko.

Swichi mbili zikibeba kazi zote, kila swichi ya ufikiaji inaunganishwa na zote mbili, kwa hiyo kila moja inahitaji milango 22. Ya milango 24 inabakiwa na miwili, na bado hujaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, wala seva, wala njia ya intaneti.

Kinachokwamisha ni faiba. Swichi sita za maabara zina viungo 12, na moduli ya kawaida hula nyuzi mbili kwa kila kiungo, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Hizo ni 24, na ardhini mna 12. Zipo moduli zinazotuma na kupokea kwenye uzi mmoja, nazo zingetosha barabara, lakini uzi mmoja tu ukiharibika hamna wa akiba. Mimi ningeweka jozi ya usambazaji ndani ya maabara peke yake, ipande kwenye kiini kwa viungo vinne. Nyuzi 8 zinatumika, 4 zinabaki, na milango inayohitajika kwenye kila swichi ya kiini inashuka hadi 18. Kumbukeni tu kwamba nyuzi zote zimo kwenye kebo moja: mtaro ukichimbuliwa, viungo vyote vinne vinakatika pamoja, hata swichi ziwe mbili.

Jambo moja nalisisitiza sana: VLAN moja isivuke majengo. Niliwahi kuitwa mahali ambapo mtu alichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye soketi mbili za ukutani. Swichi ile haikuwa na kinga ya mzunguko, na VLAN ile ilipita kote, hivyo data ikazunguka bila kukoma kama dhoruba na mtandao wa majengo yote ukazimika. Kiini kikiwa ndicho pia usambazaji, dhoruba kama hiyo inakifikia moja kwa moja. Kwenye swichi za Cisco, amri hii huonyesha mabadiliko ya topolojia ni mangapi na la mwisho limetoka mlango gani:

```
show spanning-tree detail
```

Idadi ikipanda kila dakika, fuateni mlango huo swichi hadi swichi mpaka mfike kwenye soketi.

Jengo la pili na la tatu yakihitaji jozi zake za usambazaji, hapo ndipo mnunue kiini cha pekee. Jozi ya maabara itabaki ilipo; mtahamisha viungo vyake vinne tu.